Klasta imebaki njano na haipokei data: hesabu ya diski iliyo nyuma ya rangi

*"Tuna klasta ya Elasticsearch toleo la 8 yenye nodi tatu, kila nodi ina diski ya GB 400. Tunahifadhi logi za mfumo wa malipo: indeksi mpya kila siku, GB 10 kabla ya replika, replika moja. Za zamani tunafuta kwa mkono tunapokumbuka. Zilizozidi siku 45 hatuna haja nazo. Wiki iliyopita mashine ya nodi ya tatu iliharibika. Klasta ikawa njano na haijarudi kijani, ingawa nodi mbili zilizobaki ni nzima na zilikuwa na nafasi ya asilimia 20 kila moja. Jana usiku ikaanza kukataa data mpya, lakini rangi bado ni njano, si nyekundu. Mwenzangu anasema niweke replika sifuri kila mahali irudi kijani, au nilazimishe shadi kwa amri ya reroute. Mashine nyingine itachukua siku kadhaa kufika. Nifanye nini nisipoteze data?"*

Mpaka sasa hujapoteza kitu chochote kilichokwisha kuandikwa, na rangi ya njano ndiyo ushahidi. Kwa hiyo usiendeshe amri yoyote ya kulazimisha usiku huu. Kilichokusimamisha ni diski, na diski ina hesabu inayoeleweka. Tukiipitia pamoja utaona kwa nini nafasi ya asilimia 20 haikutosha, na kwa nini itakukuta tena hata baada ya mashine mpya kufika.

Tuanze na rangi, maana watu wengi huisoma kama kipimo cha uzito wa ugonjwa. Rangi inasema jambo moja tu: nakala za shadi, yaani vipande ambavyo kila indeksi hugawanywa, ziko wapi. Kijani maana yake kila shadi kuu na kila replika iliyoombwa imepata nodi ya kukaa. Njano maana yake shadi kuu zote zipo na zinafanya kazi, ila kuna replika moja au zaidi isiyo na makao. Nyekundu maana yake kuna angalau shadi kuu moja isiyopatikana popote. Klasta nzima huchukua rangi ya indeksi iliyo katika hali mbaya kuliko zote, kwa hiyo shadi moja ya indeksi moja ya mwezi jana inatosha kuipaka klasta yote rangi nyekundu huku indeksi nyingine zikitafutwa kama kawaida. Rangi haisemi lolote kuhusu diski iliyojaa. Klasta ya kijani kabisa inaweza kukataa data, na ya njano inaweza kupokea data mwaka mzima bila tatizo. Ulichokiona jana ni mambo mawili tofauti yenye chanzo kimoja.

Sasa turudi siku nodi ya tatu ilipozima. Umesema nafasi ilikuwa asilimia 20, yaani kila nodi ilikuwa imebeba karibu GB 320, na klasta nzima GB 960: nusu shadi kuu, nusu replika. Nodi ilipotoweka, shadi kuu zilizokuwa juu yake hazikupotea, kwa sababu Elasticsearch haiweki kamwe shadi kuu na replika yake kwenye nodi moja. Replika zilizokuwa kwenye nodi mbili nyingine zilipandishwa cheo mara moja zikawa shadi kuu. Ndiyo maana hukukaa kwenye nyekundu.

Kilichobaki kilikuwa kutengeneza upya nakala zote zilizozama na nodi ile, GB 320. Elasticsearch haikimbilii kazi hiyo papo hapo. Kwa kawaida husubiri dakika moja, maana nodi nyingi huondoka kwa sababu tu zimewashwa upya, na kunakili mamia ya GB kwa ajili ya hilo ni hasara. Dakika ilipopita ikaanza kutafuta nafasi, na hapo ndipo ilipokutana na alama za diski.

Alama hizo ni tatu. Usipozibadilisha, alama ya chini iko kwenye asilimia 85 ya diski iliyotumika, ya juu kwenye 90, na ya mafuriko kwenye 95. Nodi ikivuka ya chini, haipewi tena shadi kutoka kwingine wala replika mpya. Ikivuka ya juu, Elasticsearch hujaribu kuhamisha shadi kutoka kwenye nodi hiyo kwenda penye nafasi. Ikifika ya mafuriko, kila indeksi yenye hata shadi moja juu ya nodi hiyo hufungwa isiandikwe, ili diski isijae kabisa na kuharibu mafaili. Katika matoleo ya karibuni ya 8 kuna kikomo cha ziada kwa diski kubwa sana, ili mtu mwenye diski ya TB 4 asilazimike kuacha GB 600 zikiwa tupu. Kwa diski za GB 400 asilimia ndizo zinazotawala.

Kwenye diski yako alama ya chini ni GB 340, ya juu ni GB 360, ya mafuriko ni GB 380. Nodi zako mbili zilikuwa na GB 320 kila moja. Zilihitaji kupokea GB 320 kwa pamoja, lakini kila moja ilikuwa na GB 20 tu kabla ya kufika alama ya chini, pengine na shadi moja au mbili za mwisho zilizoanza kunakiliwa kabla ya kuivuka. Tukadirie zilipokea GB 60 kwa jumla na kusimama kwenye GB 350 kila moja. GB 260 zilizobaki ndizo shadi unazoziona zikiwa na hali ya `UNASSIGNED`. Asilimia 20 uliyoiona ilikuwa nafasi ya kweli kwenye diski, lakini robo yake tu ndiyo iliyoruhusiwa kupokea replika.

Halafu logi zikaendelea kuingia. Hapa pana kanuni inayowashangaza wengi: shadi kuu ya indeksi mpya kabisa huruhusiwa kuwekwa hata kwenye nodi iliyovuka alama ya chini, mradi haijavuka ya juu, ila replika yake haipewi nafasi. Kwa hiyo kila siku GB 10 za shadi kuu ziligawanyika kwenye nodi mbili, GB 5 kila upande, bila replika. Kutoka GB 350 hadi 380 ni siku sita, ikiwa indeksi za siku hizo zilitengenezwa kabla nodi hazijavuka alama ya juu. Zilipovuka 360 Elasticsearch ilitaka kuhamisha shadi, lakini nodi ya pili nayo ilikuwa imeshavuka alama yake ya chini, kwa hiyo hapakuwa na pa kuhamishia. Jana usiku zikafika 380 na programu yako ikaanza kujibiwa hitilafu ya 429 yenye maneno `index has read-only-allow-delete block`. Shadi kuu zote bado zipo, ndiyo maana rangi haikubadilika.

Usikubali hesabu yangu hivi hivi. Ihakikishe kwenye klasta yako. Amri ya kwanza inaonyesha diski ya kila nodi, ya pili inauliza kwa nini shadi fulani haijapata makao:

```
GET _cat/allocation?v

GET _cluster/allocation/explain
```

Ya pili, ukiituma bila kutaja shadi, huchagua yenyewe shadi moja isiyo na nodi na kueleza. Tafuta sehemu ya `deciders` chini ya kila nodi. Ninatarajia nodi moja iseme `same_shard`, yaani tayari ina nakala ya shadi hiyo hiyo, na nyingine iseme `disk_threshold`. Kwenye klasta iliyobaki na nodi mbili kila replika ina mahali pamoja tu pa kwenda, na hapo pamefungwa na diski. Ukiona `max_retry` badala yake, habari ni nyingine: kunakili kulijaribiwa kukashindwa mara tano mfululizo na Elasticsearch ikaacha. Hiyo huendeshwa tena kwa `POST _cluster/reroute?retry_failed=true`, lakini baada ya kurekebisha kilichokwamisha, na amri hiyo haina hatari yoyote kwa data.

Amri za kulazimisha ambazo mwenzako anazifikiria ni jambo jingine kabisa. `allocate_replica` haitakusaidia, kwa sababu nayo hutii alama za diski. `allocate_stale_primary` huifanya nakala iliyopitwa na wakati kuwa shadi kuu, na kila kilichoandikwa baada ya nakala hiyo kuachwa nyuma hupotea. `allocate_empty_primary` hutengeneza shadi tupu mahali pa iliyopotea. Nakala halisi ikirejea baadaye, hutupwa. Hizi mbili za mwisho zinadai uandike `accept_data_loss` kwa mkono wako, na zimetengenezwa kwa ajili ya shadi kuu ambayo haitapatikana tena. Wewe huna hata moja ya namna hiyo.

Replika sifuri kila mahali nayo itakupa kijani ndani ya sekunde chache, na kijani hicho ni kibaya kuliko njano uliyonayo. Kitasema "nakala zote zilizoombwa zipo" kwa sababu hujaomba hata moja. Diski moja ikifa kesho, karibu nusu ya logi zako za malipo zinakwenda nayo. Hata hivyo kuna chembe ya ukweli ndani ya ushauri huo, na nitaitumia hapa chini kwa indeksi za zamani peke yake.

Njia ninayokupendekezea ina mpangilio, na mpangilio ndio wenye kazi. Kabla ya chochote, chukua snapshoti kwenye hifadhi iliyo nje ya nodi hizi. Snapshoti husoma shadi kuu, na kwako zote zipo, kwa hiyo njano haizuii. Ikikamilika, futa indeksi zilizozidi siku 45. Kwa kadirio langu klasta sasa ina siku 54, kwa hiyo ni indeksi tisa. Futa indeksi nzima, si nyaraka zilizo ndani yake. Kufuta nyaraka kwa `_delete_by_query` kumezuiwa kwenye indeksi iliyofungwa, na hata kungeruhusiwa, nyaraka huwekewa alama tu ya kufutwa na kuendelea kukaa diskini mpaka vipande vya indeksi viunganishwe upya, kazi ambayo yenyewe inahitaji nafasi ya ziada. Indeksi nzima ikifutwa, nafasi hurudi mara moja, na kizuizi cha mafuriko kimeacha mlango huo wazi kwa makusudi.

Indeksi tisa ni GB 90 za shadi kuu pamoja na replika zao zilizosalimika, tuseme GB 125 kwa jumla. Nodi zitashuka kutoka GB 380 hadi karibu 317 kila moja, ikiwa indeksi hizo zimekaa kwa usawa. Angalia kwa `_cat/shards` kwamba hufuti za upande mmoja tu. Tangu toleo la 7.4 kizuizi hujiondoa chenyewe nodi ikishuka chini ya alama ya juu. Elasticsearch hupima diski kila sekunde 30, kwa hiyo ndani ya dakika moja hivi programu yako itaanza kuandika tena.

Ikiwa snapshoti itachukua saa nyingi na malipo hayawezi kusubiri, unaweza kujinunulia muda kwa kupandisha alama ya mafuriko pamoja na ya juu, ili indeksi ya kesho nayo ipate nodi, na kisha kuondoa kizuizi kwa mkono:

```
PUT _cluster/settings
{ "persistent": {
  "cluster.routing.allocation.disk.watermark.low": "85%",
  "cluster.routing.allocation.disk.watermark.high": "97%",
  "cluster.routing.allocation.disk.watermark.flood_stage": "97%" } }

PUT */_settings?expand_wildcards=all
{ "index.blocks.read_only_allow_delete": null }
```

Asilimia mbili za diski yako ni GB 8. Kwa kasi ya GB 5 kwa siku kila nodi hiyo ni siku moja na nusu, basi. Usiguse alama ya chini, maana ukiipandisha Elasticsearch itaona ruhusa ya kunakili replika na kuimaliza nafasi hiyo kwa dakika chache. Kazi ikiisha rudisha zote tatu kwa kuziwekea `null`. Nimekutana na klasta kadhaa ambazo mpangilio huu wa dharura ulisahauliwa humo, na safari iliyofuata diski ikajaa kweli.

Uandishi ukirudi, indeksi zenye umri wa zaidi ya siku 10 ambazo zimo kwenye snapshoti ziwekee replika sifuri. Sasa hesabu inakuwa hivi: siku 45 za shadi kuu ni GB 450, replika za siku 10 za karibuni ni GB 100, jumla GB 550, yaani GB 275 kwa kila nodi. Hiyo ni asilimia 69, chini kabisa ya alama ya chini. Elasticsearch itaanza yenyewe kutengeneza replika za siku 10 za karibuni, na ikimaliza rangi itakuwa kijani chenye maana: data mpya ina nakala mbili, ya zamani ina moja kwenye klasta na nyingine kwenye snapshoti. Ukifuta indeksi ya siku ya 46 na kuondoa replika ya iliyofikisha siku 11 kila asubuhi, jumla itabaki palepale mpaka mashine ifike. Kama huna pa kuweka snapshoti, usichukue hatua hii. Bora ufute siku zaidi, au ukae na njano.

Kuhusu nodi iliyokufa: kama kilichoharibika ni mashine na diski yake ni nzima, usiifute. Ikihamishiwa kwenye mashine nyingine ikiwa na saraka ile ile ya data, nodi itajiunga kama yule yule wa zamani, na shadi zilizomo ambazo bado zinahitajika zitakamilishwa badala ya kunakiliwa upya kutoka mwanzo. Mpaka hapo nodi yoyote ya pili ikizima hutaona hata nyekundu. Ikiwa nodi zako zote tatu ndizo zenye haki ya kuwa kiongozi, moja peke yake haina wingi wa kura, na maswali yako ya hali ya klasta yatarudi na `master_not_discovered_exception`. Kwa hiyo usiwashe upya nodi yoyote kati ya hizo mbili "kuona kama itasaidia".

Mashine mpya ikifika utatamani kurudisha replika kwa indeksi zote 45. Fanya hesabu kwanza. GB 900 kwenye nodi tatu ni 300 kila moja, asilimia 75, na paneli yako ya ufuatiliaji itaonyesha kila kitu kizuri. Lakini nodi moja ikizima tena, mbili zilizobaki zinaweza kubeba 340 mara mbili, GB 680, na hizo 900 hazitaenea. Utakuwa palepale ulipo leo. Klasta ya nodi tatu zinazolingana, inayotaka kujiponya baada ya kupoteza moja, haitakiwi kuvuka theluthi mbili ya asilimia 85, karibu asilimia 57 kwa kila nodi. Nodi zikiwa nne kikomo kinapanda hadi 63 au 64. Tahadhari yako ya diski iweke hapo, kwenye 55 hivi; ile ya 85 hulia wakati nafasi ya kujiponya imeshaisha.

Kwa diski ulizonazo, asilimia 57 ni GB 680 kwa jumla, au siku 34 za logi zenye replika. Ningeweka sera ya ILM, utaratibu wa Elasticsearch wa kusimamia indeksi kwa umri wake, izifute zenyewe zikifika siku 30, ili ibaki nafasi ya siku zenye logi nyingi kuliko kawaida. Ukihitaji siku 45 zote ziwe na replika, nodi ya nne ndiyo jibu: tatu zikibaki zinabeba GB 1,020. Kati ya hizo mbili mimi ningependelea kupunguza siku na kuacha za zamani kwenye snapshoti, lakini kama wakaguzi wenu wanataka logi za malipo zitafutike papo hapo, nunueni nodi.

Kuna hali ambayo maelezo ya kuandikiana hayatoshi. Rangi ikigeuka nyekundu, soma kwanza `GET _cat/shards?v&s=state` ujue ni indeksi gani, na uangalie sehemu ya `_shards` kwenye majibu ya utafutaji, kwa sababu Elasticsearch kwa kawaida hurudisha matokeo pungufu bila kupiga kelele. Ripoti ya malipo inaweza kutoka na jumla isiyo kamili. Kama shadi kuu iliyopotea ina snapshoti, ifute indeksi hiyo na uirejeshe, na kilichoandikwa baada ya snapshoti kitafute kwenye chanzo chake. Kama haina snapshoti, au `explain` inataja uharibifu wa mafaili, zima nodi husika, nakili saraka yote ya data kwenda diski nyingine, kisha mtafute mtu mwenye uzoefu wa kurejesha data akae nawe kwenye mashine zenyewe kabla hujagusa `elasticsearch-shard` au amri zile mbili za kukubali hasara. Mpelekee matokeo ya `explain`, ya `_cat/shards`, logi za nodi za siku ya tukio, na orodha ya kila amri iliyokwisha kuendeshwa.